Keki ya Kipaimara

Mwaka aliofariki mama, mdogo wangu alipata kipaimara. Nilioka keki nyumbani kwetu Mtendeni, kazi ambayo siku zote ilikuwa ya mama. Niliupiga mchanganyiko kupita kiasi, kisha nikarundika mkaa juu ya mfuniko wa sufuria. Keki ikaumuka na kubadilika rangi upesi. Nilipofunua nitazame, ikadidimia katikati.

Shangazi akachoma kijiti, kikatoka na uji.

“Uliijaza hewa mno, mwanangu,” akasema. “Moto mkali ukaivisha juu na pembeni, kati bado mbichi. Ulipofunua ikapoa, na hapakuwa na kilichoshika pale kati.”

Mdogo wangu, angali na gauni lake jeupe, akasema, “Wageni wasiione.”

Tulikula kingo sisi watatu, jikoni, bila kumtaja mama.