Mtu wa Juu Ateremshwa

Kati yetu wanne tuliopanda Kilimanjaro, aliyeteremshwa ameshikwa makwapani ndiye peke yake aliyekuwa ametuhakikishia kwamba mlima hautamweza. Ni kaka yangu, mzaliwa wa Mpui kwenye nyanda za juu za Ufipa, mfanyabiashara wa mahindi Sumbawanga.

Hoja yake ilikuwa fupi: Mfipa huzaliwa juu. Tulipojiandikisha, alikataa siku ya ziada ya kukaa kambi ya pili ili mwili uzoee.

"Hiyo wapeni watu wa Dar," alisema. "Sisi kwetu ni baridi mwaka mzima."

Kwamba baridi ni kitu kimoja na mwinuko kingine, na kwamba kambi ile iko juu karibu mara mbili ya Sumbawanga, mimi nilijua. Nikajiandikisha kama yeye, kwa kuwa yeye ndiye mkubwa.

Siku ya pili jioni, tukiwa kambi hiyo ya pili, kichwa kikaanza kumgonga. Akasogeza sahani pembeni. Mtani wetu tuliyepanda naye, Msukuma mfugaji wa bondeni kwenye Ziwa Rukwa, alikuwa anaongeza supu.

"Vipi, Mfipa? Mnaloga dunia nzima, leo mmelogwa na mlima?"

"Maharage ya mchana hayo," kaka akajibu.

Kiongozi wetu, dada wa Kichaga, alisikia. "Mzee wangu, kichwa na kichefuchefu huku juu silaumu maharage. Pumzika, kunywa maji kidogo kidogo, meza hiki kidonge. Asubuhi kichwa kikiwa bado kinauma, hatupandi, tunakaa hapa mpaka kiishe. Kikizidi, tunashuka."

Asubuhi akamuuliza hali.

"Nimelala kama mtoto," kaka akasema.

Nilikuwa kitanda cha jirani. Alijigeuzageuza usiku kucha mpaka kukapambazuka. Nikaendelea kufunga kamba za viatu.

Kambi ya juu tulifika alasiri. Alitapika mara tatu. Hata maji hayakukaa tumboni. Kiongozi akachora mstari vumbini kwa fimbo. "Tembea juu yake, kisigino kiguse vidole." Hatua ya tatu kaka akaenda upande kama mtu anayetoka kilabuni.

"Tunashuka. Sasa hivi."

"Nipumzike kwanza, binti yangu. Kesho asubuhi..."

"Kupumzika kulikuwa kwa jana, mzee. Ukishapepesuka, hakuna kusubiri kesho. Unaweza usiamke."

Mtani hakucheka. Alimvalisha koti, akamfunga zipu mpaka kidevuni, kama anamwandaa mwanawe kwenda shule.

Tulishuka wote wanne, mimi na mtani tumemshika kaka makwapani. Kadiri tulivyoteremka ndivyo miguu yake ilivyonyooka, na kambi ya pili ikiwa inaonekana akauliza kuna chakula gani. Hatukuishia hapo, kiongozi alitupeleka chini zaidi.

Sokoni Sumbawanga anasimulia kwamba kiongozi alikuwa mwoga. Mwaka huu amechukua fomu apande tena. Ameijaza yote, isipokuwa swali moja: kama amewahi kuugua kwa sababu ya mwinuko. Fomu iko mezani kwake, na ameniomba mimi niipeleke.