Shingo ya Gauni Bila Uso

Simu ya fundi ndiyo iliyonitia wasiwasi. Tulikwenda Ruwi, kwa mafundi wa Maskati, mimi na mjukuu wangu mdogo, kutazama vitambaa vya gauni lake la hina, maana alikuwa anaolewa baada ya mfungo. Fundi ni mtu mpole, adabu yake sina la kusema. Lakini simu yake ilikuwa imelala wazi juu ya meza ya kukatia, na kila fundi mwenzake akitaka kuona nakshi anainuka kwenye cherehani, anaichukua, anapekua, anairudisha. Akanifungulia na mimi, ati nichague. Nikaona magauni ya watu, na watu wenyewe wamo ndani yake. Wake za watu na watoto wa watu, nywele nje, wanacheka kama wako vyumbani kwao. Wengine nadhani hawajui mpaka leo kwamba wako Ruwi.

Njia nzima ya kurudi kwetu Sib niliiwaza simu ile tu. Mjukuu wangu alikuwa anaongea peke yake.

Yeye alikuwa anataka kitu kimoja tu, shingo ya gauni kama ile ya dada yake. Dada yake aliolewa kabla yake, sasa yuko Salala na mumewe. Gauni lenyewe halipo tena, alilikata akamshonea mtoto nguo ya Idi. Iliyobaki ni picha. Na picha ile si ya kuchezewa. Usiku ule wa hina walikuwa wanawake watupu, simu zote zilikusanywa mlangoni zikatiwa ndani ya kapu, na aliyepiga picha ni mama yao peke yake. Bibi harusi kakaa na gauni lake la kijani, kichwa wazi, nywele zimeshuka mpaka kiunoni. Picha hiyo anayo mama, anayo mwenyewe, na huyu mdogo dada yake alimpelekea kwenye meseji zao. Watu watatu. Mimi niliijua hesabu hiyo, na nilikuwa nnailinda.

Basi siku ya pili yake, baada ya alasiri, natoka kusali namkuta kajiegemeza kwenye takia, tableti iko mapajani, na ile kalamu yake isiyo wino mkononi. Nikasimama nyuma yake. Namwona anaizungusha kalamu juu ya kifua cha dada yake pichani, polepole, ulimi kautoa kidogo.

"Unamchora nini dada yako?"

Akaruka. "Bibi! Unanitisha. Simchori, namkata."

"Unamkata!"

"Nakata shingo ya gauni, nimpelekee fundi. Njoo ukae uone."

Nikakaa. Mimi skuli niliiacha mapema, niliyoyajua nimeyajua chuo cha Kurani na jikoni, lakini macho ninayo. Nikamwambia afanye tena tangu mwanzo, na asifanye haraka.

Akaisogeza kalamu karibu na kioo bila ya kukigusa, kikatokea kidoti kinachoifuata. Akabonyeza kitufe kilichoko ubavuni mwa kalamu, pakafunguka vipicha vidogo pembeni. Akachagua kimoja. Juu pakatokea maumbo: kuna la mraba, kuna la duara, na kuna moja kama kamba iliyozungushwa ovyo. Akasema la mraba halifai, ukikata mraba kidevu kinaingia, na nywele za mabegani zinaingia. Akachukua lile la kamba. Akaanza chini ya bega la kushoto, akapanda na mshono, akapita chini ya koo palepale nakshi inapoanzia, akateremka upande wa pili, akazunguka chini akafunga alipoanzia. Alipoinua kalamu, kipande kile kikajitenga. Shingo ya gauni, zari na shanga zake, imekatika umbo lake lile lile la kupindapinda, na pembeni patupu.

"Na uso uko wapi?"

"Sikuukata, bibi. Umebaki kwenye picha."

"Umebaki wapi? Si ndiyo picha hiyo."

"Hiki ni kipande peke yake. Picha yenyewe iko vile vile ilivyokuwa, haikuguswa."

Sikukubali. Mshoni akikunja kitambaa kwa ndani unaona upindo tu, lakini kitambaa kiko, ukifumua kinatoka. Nikamuuliza kama fundi akikifumua hiki kipande, uso hautatoka? Akacheka mpaka akajifuta machozi. Mimi sikucheka.

"Nitumie mimi kwanza," nikamwambia.

Akanitumia. Nikakifungua kwenye simu yangu, nikakivuta kwa vidole viwili, juu, chini, kushoto, kulia. Nilikuwa namtafuta mjukuu wangu. Hakuwemo. Palipokuwa na koo lake hapana kitu.

"Umeridhika, hakimu?"

"Bado. Lete hiyo kalamu."

Nilitaka kujua kama inadanganyika. Nikabonyeza alivyobonyeza, nikachagua kamba, nikazungusha. Mkono wangu una mtetemeko kidogo siku hizi. Kipande changu kilitoka na nusu ya kidevu, na ncha ya kipuli, na fungu zima la nywele.

"Mashaallah," akasema, "fundi atashona na masikio."

Nikamwambia afute changu, atume chake. Akakituma. Nikamtazama anavyotuma, mpaka kidole chake kikaondoka kwenye kioo. Kile kilikuwa safi, nakiri, na mimi nikawa nimepungukiwa na wasiwasi. Hapo ndipo ningekosea, kama ningekuwa mtu wa kuridhika upesi.

Baada ya siku mbili fundi akaleta meseji ya sauti. Anauliza uzi wa zari ni upi, shanga ni za ukubwa gani, ndani pametiwa bitana gani, kwa sababu kwenye kipande cha picha havionekani vizuri. Yote hayo dada mtu alishayaeleza kwenye meseji zao wawili, kwa kirefu, maana yeye akianza kuandika haachi. Sasa huyu mdogo kayafungua mazungumzo yale kwenye tableti. Mimi nachambua mchele mbele yake, jicho moja liko kwenye sinia na jingine liko kwake.

Namwona karudi juu kabisa ya mazungumzo, kapiga picha ya kioo. Halafu akakibonyeza kialama kimoja chenye mishale inayotazama chini, akakishikilia. Maneno yakawa yanapanda yenyewe. Yanapanda, yanapanda, naye kashikilia tu, mwenyewe anatazama televisheni.

"Unafanya nini hapo?"

"Napiga picha ndefu, bibi. Kioo hakitoshi, meseji nyingi. Hii inashuka na kuunganisha mpaka chini, inakuwa picha moja. Nisimwandikie fundi upya yote haya."

"Inaunganisha nini?"

"Maandishi. Maandishi tu."

Akaachia. Ikamtokea picha moja, nyembamba kama utambi, huwezi kusoma chochote. Akaigusa kuipeleka, jina la fundi, hilo nalijua, nikaliona juu.

"Ngoja."

"Bibi, ni maandishi tu, wallahi."

"Usiape. Ifungue niione."

"Na kusoma utasoma?"

Hilo lilikuwa la kunichoma, na alilijua, maana hapo hapo akainamisha macho. Nikamjibu: "Sisomi. Naangalia." Nikaweka sinia chini, nikaukung'uta unga wa mchele mikononi, nikaweka mkono wangu juu ya kioo, penye jina la fundi, asiweze kuligusa.

Akaifungua, akaitanua, akaanza kuivuta kwa kidole, upesi upesi, ili nichoke. Nikamwambia polepole. Maandishi. Maandishi. Kipicha cha kiuso kinachocheka. Maandishi. Meseji zao za sauti, mistari mistari. Akaniangalia kama anayesema, unaona? Nikamwambia endelea.

Akavuta mara moja tena, na hapo akatokea dada yake. Mzima. Gauni la kijani, nywele mpaka kiunoni, anatutazama.

Mjukuu wangu akakiondoa kidole kwenye kioo. Alisahau kama picha ile alipelekewa katikati ya maneno yale yale, na ile mishale ilipokuwa ikishuka iliokota kila ilichokutana nacho. Siku mbili nyuma alikaa akizungusha kalamu kwa makini asichukue hata unywele mmoja, na leo, kwa kushikilia kidole na kutazama televisheni, amemchukua wote.

"Ningetuma," akasema.

"Ulikuwa umeshatuma. Kilichobaki ni kidole."

Akataka kuikata pale katikati, abakishe juu na chini. Nikakataa, sikutaka chochote kilichotokana na picha ndefu ile kiende Ruwi. Nikamwambia afute. Akafuta.

"Ukifuta inakwenda wapi?"

"Kwenye pipa la taka."

"Na pipa liko wapi?"

Akakigonga kioo kwa kidole. "Humu humu."

"Basi limwage."

Akalifungua pipa, na kweli, picha ilikuwa imekaa humo inangoja. Na kile kipande changu chenye kidevu kilikuwemo pia. Akavimwaga vyote mbele yangu. Halafu akashuka chini ya picha ya dada yake, akaanzia hapo kupiga ile ndefu. Maelezo ya uzi yaliyokuwa juu ya picha akayaandika kwa mkono. Alipomaliza akanivutia mpaka mwisho bila ya kuambiwa, na ndipo ikaenda.

"Usimwambie dada," akaninong'oneza.

"Sitamwambia mimi. Utamwambia wewe, sasa hivi. Uso ni wake."

Akapiga. Akaweka sauti nje. Dada yake mkubwa alisikiliza mpaka mwisho, mtoto wake analia nyuma yake. Alipojibu sauti yake ilikuwa ndogo.

"Nani kaiona?"

"Mimi na bibi tu."

"Una hakika?"

"Bibi kashika kioo kwa mkono."

"Basi nisikilize. Ifute hata kwako. Kila mahali. Nilikupa nikikuamini."

"Dada, hiyo ndiyo picha yetu ya pamoja. Mkono wangu umo pembeni, nimekushikia ua. Niache nikate mkono na ua tu, nisichukue chochote chako."

Mkubwa akasema, "Bibi, wewe unasemaje?"

Nilimtazama huyu aliyekuwa mbele yangu. Kalamu kaishika tayari, machozi yanamlengalenga. Mkono wake ungekatika vizuri, naujua uhodari wake. Lakini aliyeniuliza alikuwa yule wa Salala, na picha ilikuwa ya nani haihitaji kadhi.

"Futa," nikasema.

Akafuta. Akaweka tableti juu ya takia, kalamu akaichomeka mahali pake, akaingia chumbani na hakutoka mpaka tulipoitana kula. Alikula akaondoka. Siku tatu nne alikuwa ananijibu ndiyo na hapana. Nilimwacha. Mtu akikasirikia jambo la haki hasira zake humwisha zenyewe, na nisingetaka aende kwa mumewe akidhani uso wa mwanamke ni kitu cha kukitoa nje kisha useme nimesahau.

Gauni lilikuja, na shingo yake ilitoka sawa na ile, hata mimi nilipoishika sikuona tofauti. Usiku wa hina kapu la simu lilikuwa mlangoni, na aliyekaa nalo ni mimi. Mkubwa alikuja kutoka Salala. Alivua abaya, akaweka simu yake kapuni wa kwanza, akamkumbatia mdogo wake, wakakaa pamoja. Mama yao akawapiga picha. Nikamwita mdogo nikamuuliza kama anaitaka. Akamwangalia dada yake kwanza, kama anayeomba ruhusa, ndipo akanijibu.