Tano Mbili za Dadu ya Nyapara

Mdogo wangu alikufa kwenye kambi ya reli, katika mwamba uliokuwa ukipasuliwa kwa baruti miezi michache kabla reli haijafika Dodoma. Mimi nilikuwa nikipika uji kambini hapo. Nimekaa na habari hii miaka mingi, na sitaipamba.

Kazi ya mwamba hakuna aliyeitaka. Wapasuaji walikuwa makundi sita, na kila asubuhi kundi moja lilikwenda kwenye baruti huku mengine yakibeba udongo na mataruma ya kulazia reli. Mdachi msimamizi hakutaka kelele za kuchaguana, akampa nyapara dadu ya mfupa. Namba itakayokaa juu ndiyo kundi litakalokwenda. Nyapara aliirusha juu ya sanduku tupu la baruti, yeye ameketi upande mmoja, wanaume wamesimama upande wa pili. Nyuma yake hakuruhusu mtu kupita, ila mimi niliyemletea uji.

Mdogo wangu alikuwa kundi la tano. Tano ilitoka mara nyingi mno. Kundi la pili, watu wa kwao nyapara, halikuitwa hata siku moja. Walivaa hirizi za ngozi shingoni, na kambi nzima iliamini ndizo zilizowalinda. Mimi niliyebatizwa na kusomeshwa misheni Mpwapwa miaka mitatu, nilitoa kuku wawili kwa mmoja wao nikapata hirizi, nikamvalisha mdogo wangu kwa mkono wangu. Alinicheka.

"Dada, mwalimu wako akikuona je?"

"Vaa tu," nikamwambia.

Wiki ileile tano ikakaa juu, akaenda, jiwe likamwangukia. Walipomleta, hirizi ilikuwa bado shingoni.

Baada ya kuzika sikulia sana mbele za watu. Nilirudi kwenye sufuria. Lakini nilikuwa nikiiwaza ile hirizi. Kama wenzake ilikuwa ikiwalinda na yeye haikumlinda, basi kilichowalinda wao ni kitu kingine, na asubuhi kulikuwa na kitu kimoja tu kilichoamua.

Misheni tulifundishwa kuchora sanduku ili zionekane pande tatu: ya juu na mbili za ubavuni. Nikachukua ubao wa sanduku lililovunjika na kipande cha mkaa. Kila asubuhi nilipomwekea nyapara uji niliitazama dadu kabla hajaiokota, nikarudi jikoni nikaichora kama nilivyoiona. Kumi na moja nilichora. Mpishi mwenzangu akadhani nachora nyumba ya marehemu.

Nikakaa na ubao wangu. Pande mbili zinazoonekana pamoja katika mchoro mmoja zimegusana. Haziwezi kuwa zimepeana migongo. Moja niliiona pamoja na tatu, pamoja na nne, pamoja na tano, lakini na sita kamwe. Basi sita ilikuwa nyuma ya moja. Tatu niliiona na moja, na sita na tano, lakini na nne kamwe. Basi hizo nazo zilipeana migongo. Ikabaki tano. Tano niliiona imekaa na zote nne hizo, kwa hiyo kilicho nyuma yake kilipaswa kuwa mbili, namba pekee iliyobaki. Na mbili hakuna aliyeiona, juu wala ubavuni.

Hapo nikaona michoro miwili iliyopingana. Katika yote miwili tano ilikuwa juu na moja imenielekea. Katika mmoja tatu ilikuwa kulia kwangu. Katika mwingine tatu ilikuwa kushoto.

Nikafinyanga dadu ya udongo, nikaitoboa kwa mwiba. Tano juu, moja mbele, tatu kulia. Nikaigeuza namna zote. Tano ile ikiwa juu na moja mbele, tatu haiendi kushoto, hata ufanyeje. Inakwenda kushoto ukiipindua tu, ule upande wa chini uwe juu huku moja ikibaki mbele. Basi upande wa chini nao ulikuwa tano. Nikautoboa matundu matano pale ambapo pangekuwa na mbili, na michoro yote kumi na moja ikakubali.

Ndiyo maana hakuna aliyejua. Tano mbili zilizopeana migongo haziwezi kuonekana na jicho moja kwa wakati mmoja. Wanaume walisimama upande mmoja. Nyapara alikuwa peke yake upande wa pili, na mimi.

Sitasema nilitafuta haki. Nilitaka ateseke. Nilingoja asubuhi ambayo Mdachi angekuja kuhesabu watu, na ikawa asubuhi ambayo dadu ilikaa tatu juu. Nilikuwa nyuma ya nyapara na kibuyu cha uji. Kabla hajanyoosha mkono nikamwita rafiki wa mdogo wangu aliyesimama mbele ya sanduku.

"Kaka, ubavu unaokuelekea una ngapi?"

"Tano," akasema.

"Na huu unaonielekea mimi una tano."

Nyapara akacheka, akasema msiba umeniharibu macho. "Dada, nenda ukalale."

"Usiiguse," nikamwambia. "Bwana aje asimame hapa nilipo, kisha aende pale."

Mdachi akaja akasimama nilipo, akainama. Akazunguka sanduku, akainama tena. Kisha akaiokota dadu mwenyewe. Akamwonyesha karani wake, karani akanionyesha mimi. Mbili ina matundu mawili ya pembeni yanayotazamana kimshazari, na tano inayo hayohayo. Mtu alikuwa ameongeza matatu. Matatu hayo yalikuwa meupe ndani, bado hayajaingia uchafu.

Wanaume wakaanza kusogea. Kundi la pili wakaanza kuvua hirizi. Mdachi akawanyamazisha, akaniuliza kupitia kwa karani: siku aliyokufa ndugu yako, ni tano hii mpya iliyokaa juu, au ile ya zamani?

Nikajua anachouliza. Kama ni mpya, nyapara amemuua. Kama ni ya zamani, ni mwongo tu. Rafiki wa mdogo wangu alinikazia macho, midomo yake ikisema, mpya, mpya. Na mimi nililitaka neno hilo kuliko chakula.

Lakini asubuhi ile sikuchora. Nilianza kuchora baada ya kuzika. Niliona tano tu. Moja ilielekea wapi, tatu ilikuwa mkono gani, sikuangalia.

"Sijui," nikasema.

Nyapara akachapwa viboko ishirini na tano, akavuliwa unyapara na kupelekwa kundi la tano. Nilisimama nikahesabu hadi mwisho. Havikunitosha.

Jioni alikuja jikoni akitembea kwa shida. Akasema, "Ahsante, dada. Ungesema ni mpya, wangenitia kitanzi."

"Usinishukuru," nikamwambia. "Ningejua ni ipi, ningesema."

"Wanitaka nife?"

"Ndiyo."

Nikamwekea uji wake, kipimo sawa na cha wengine.

Mdachi alileta dadu nyingine. Kundi la tano likawa likiitwa kama makundi mengine, na kila lilipoitwa nilisimama na upawa mkononi hadi mlio wa baruti, kisha nikawatazama wanaorudi. Nyapara alirudi kila mara. Mwamba ukaisha, reli ikapita, naye akaondoka na mikono yake yote miwili.

Ile dadu ya udongo ninayo. Huiweka tano juu na moja ikinielekea, kisha huipindua. Bado sijui.