Shukrani Ambayo Haikusemwa

Devota hakusema kitu. Kwenye simu ya kliniki yetu hapa Lindi, inayorekodi ujumbe usiku, aliacha pumzi na upepo tu. Lakini kompyuta inayogeuza sauti kuwa maandishi iliandika: "Asante, naendelea vizuri."

Asubuhi muuguzi Fidelis alitafuta neno "damu" kwenye maandishi, kama kawaida, ili wanaotokwa damu wapigiwe kwanza. Ujumbe ule haukutokea.

Karani wetu Mwahija hakuyaamini maandishi yaliyonyooka mno. Alifungua sauti yenyewe, akasikia pumzi na upepo tu.

"Dada, wewe hata shikamoo unaishuku," Fidelis alimtania.

"Mgonjwa gani huyo anaamka usiku kuja kutushukuru?"

"Basi ufute."

"Nikiufuta, nani atajua kwamba alipiga?"

Alifuta yale maneno tu, akaandika "haisikiki, apigiwe", na rekodi akaiacha palepale. Kisha akaipigia namba iliyoacha ujumbe. Huko kijijini Nyangamara alipokea mama mkwe wa Devota: mkwewe, mjamzito, alikuwa akitokwa damu tangu usiku na hana nguvu ya kusema.

Walimfikisha hospitali akiwa hai, na mtoto pia.

Mwahija bado yuko kwenye meza ileile karibu na dirisha, na spika za masikioni, akisikiliza rekodi za usiku.