Salamu Mbele

Tangu asubuhi moyo wa Thuwaiba ulikuwa haujatulia. Yeye hutembeza wageni msitu wa Jozani, na barua pepe aliyomwandikia wakala mmoja wa safari wa Ujerumani alikuwa ameikata mpaka zikabaki aya tatu fupi. Ya kwanza ilitaja tatizo: wageni wa wakala wamelalamika mtandaoni kwamba walifikishwa msituni mchana, kima punju wamejipumzikia. Ya pili ikaeleza dawa: yeye huwaingiza mapema asubuhi, kima wanapokula. Ya tatu iliomba jambo moja tu, wazungumze Jumanne.

"Hata salamu hakuna?" aliguna mjomba wake Kheir, mwenye ofisi ya utalii anamofanyia kazi, huko Kikwajuni. "Unaingia kwa mtu bila hodi?"

"Mjomba, yeye hatujui sisi. Anataka aone faida yake kwanza."

Thuwaiba alipokwenda kusali adhuhuri, mzee akapachika salamu zake juu, akaituma.

Thuwaiba aliporudi akaisoma, akakuta juu kabisa: "Watoto wako hawajambo? Nyumbani kwako salama?"

Jibu likaingia palepale. "Wewe nani? Watoto wangu umewajulia wapi? Nimeshawaita polisi."

Mjomba akachungulia, akatabasamu. "Ushaona? Kajibu upesi."