Mikia ya Kijani na Manjano

Chumba cha Koinet kiko chini ya ngazi, kimeshikana na ukuta wa mita, na hakina dirisha. Kina mlango, na mlango wenyewe ukifunguka wote unagonga kitanda. Ploti hiyo ya Kitengela ina nyumba kumi na mbili kwa orofa tatu, na kila waya ulio ndani yake aliupitisha yeye miaka mitatu iliyopita, akiwa na bisibisi ya kuazima na njaa yake mwenyewe. Mwenye ploti, Mama Mburu, alimwachia chumba hicho bure ili awe fundi wa hapo hapo. Wapangaji humwita Bwana Stima. Yeye husema ndiye bwana pekee anayeinama akiingia kwake.

Jumamosi hiyo mchana alikuwa ameketi mlangoni, kadibodi nyeupe magotini, kalamu nene mkononi. Asubuhi Yvonne, nesi wa nyumba nambari saba, alikuwa amerushwa na stima alipogusa mfereji wa bafuni. Mkono ulikufa ganzi hadi kwenye kiwiko, mdomo haukufa ganzi hata kidogo. Kufikia saa nne alikuwa ameshawakusanya wapangaji, na neno lao lilikuwa moja: waandikiwe vile vitu vya kwenye sanduku la stima vinaitwaje na vinafanya kazi gani, kwa Kiswahili cha mtu wa kawaida, na tangazo libandikwe kwenye ngazi.

"Si ni maneno tu?" Mama Mburu alikuwa amesema. "Koinet, waandikie. Lakini andika wasiogope."

Sasa mama mwenyewe alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa, akimsimamia. Yvonne alisimama upande wa pili, amekunja mikono. Koinet alikuwa katikati yao kama soksi kwenye kiatu kinachobana.

Akaandika: *Fyuzi. Kipande chembamba cha waya kinachokubali kufa kwanza. Stima ikizidi, kinayeyuka na kukata njia. Usiweke msumari mahali pake. Msumari hauyeyuki, nyumba ndiyo itawaka.*

"Hiyo iko wapi?" Yvonne akauliza.

"Ndani ya plagi ya friji yako. Na nyingine kubwa huko kwa mita, ile iliyofungwa kwa sili ya kampuni ya stima. Hiyo hata mimi siigusi."

"Sawa. Endelea."

*Breka. Swichi inayojiangusha yenyewe waya ukibebeshwa mzigo mkubwa. Haiyeyuki. Ondoa kilichoiangusha, kisha uiinue.*

Yvonne alisoma, akasoma tena. "Na asubuhi mbona haikuanguka? Mimi ndiye nilianguka."

"Breka inalinda waya, dada, hailindi mtu," Koinet alisema. "Stima ya kuua mtu ni kidogo mno kwake. Haiioni."

"Kwa hivyo waya ina askari. Mimi askari wangu ni nani?"

Mama Mburu alikohoa. Koinet aliangalia ncha ya kalamu. Jibu la swali hilo lilikuwa ndilo neno la tatu.

Akaliandika, kwa sababu kutoliandika kungeonekana: *Waya wa ardhi.* Kisha kalamu ikasimama.

Alipokuwa akiweka ploti hiyo stima, Mama Mburu alileta roli za waya mwekundu na mweusi, na wa kijani na manjano, yaani ule wa ardhi, akaleta roli moja fupi. Koinet alimpigia Kiama, kontrakta mwenye leseni huko Kajiado, ambaye ndiye angesaini karatasi za kibali cha stima. Kiama alicheka. Kata vipande vya shibiri moja, alisema, kimoja kila boksi la soketi, kimoja kila swichi ya shawa, ukisokomeze ukutani. Mkaguzi akifungua kifuniko ataona rangi. Koinet alishinda siku nzima akikata mikia. Ilikuwa imefungwa vizuri kwenye skrubu zake, yote, na nyuma ya plasta haikwenda popote. Alipiga picha, akazituma, Kiama akasaini bila kutoka Kajiado.

"Nipe dakika," Koinet alisema, akaingia chumbani, akapiga simu akiwa amesimama kati ya mlango na kitanda.

"Sopa, Koinet," Kiama aliitika kwa furaha. Salamu hiyo ndiyo Kimaasai chake chote.

"Ipa, mzee. Kuna mtu amerushwa hapa kwa Mama Mburu."

"Amekufa?"

"Hapana."

"Basi si amepona? Hayo ni maji ya kisima, yana chumvi. Mwambie aoge na viatu vya plastiki."

"Mzee, ni ule waya. Wanataka niandike kama upo."

"Koinet, hiyo fomu yako ya leseni iko hapa mezani. Naisaini Jumatatu. Mimi leseni ikienda, utasainiwa na nani, ng'ombe?" Kisha, kwa upole uliokuwa mbaya zaidi: "Andika upo. Mkia ni waya pia."

Alipotoka, Mama Mburu alikuwa ameisogeza ndoo karibu. "Umeuliza? Andika *upo*, tumalize."

Koinet aliandika polepole. *Hushikana na bomba na chuma cha kila kifaa, ukashuka hadi kwenye fimbo ya shaba iliyopigwa ardhini. Stima ikitoroka mahali pake, hupitia hapo badala ya kukupitia wewe.* Yote yalikuwa kweli. Hata fimbo ilikuwepo, nyuma ya tangi la maji, imezama kwenye udongo mweusi, haijawahi kupata kazi.

"Ni hiyo tu nilikuwa nataka," Yvonne alisema. "Kesho naoga kwa amani."

Alisema hivyo tu, akigeuka aende. Koinet aliona shawa kumi na mbili za kupasha maji kwa stima, koili zake zikiwa uchi ndani ya maji ya chumvi, na watu kumi na mbili wenye miguu iliyolowa wakinyoosha mkono kufunga mfereji.

Akainama akaongeza mstari: *Ploti hii haina.*

"Wewe," Mama Mburu akasema.

Koinet alifungua sanduku na kuangusha swichi kuu. Redio zote za orofa tatu zikanyamaza. Wapangaji wakaanza kushuka. Alifungua boksi la soketi iliyo chini ya ngazi, akashika mkia wa kijani na manjano kwa vidole viwili, akauvuta. Ulitoka wote.

Ndambuki wa nyumba nambari mbili, mtu wa maneno machache, aliuchukua akaupima kwa kiganja chake. "Nani aliweka hizi nyumba stima?"

Koinet angeweza kusema Kiama. Jina la Kiama ndilo lililo kwenye karatasi. "Ni mimi," alisema.

Hakuna aliyempigia makofi. Mama mmoja wa juu alisema watoto wake wameoga hapo miaka miwili, akakaa kwenye ngazi. Mama Mburu alisimama kutoka kwenye ndoo. "Toa vitu vyako kwa hicho chumba leo."

"Hatoki," Yvonne alisema. "Atoke aende wapi? Hatatoka hadi apitishe huo waya kwa nyumba zote kumi na mbili. Na wewe mama utanunua, ama tuibebe hii kadibodi tuipeleke kwa wanaotoa vibali vya stima."

Wakaanza kubishana juu ya kichwa chake, mmoja akimfukuza, mwingine akimfungia. Koinet alirudi kwenye sanduku, akaziangusha breka za shawa zote kumi na mbili, akazifunga kwa tepu nyeusi, ndipo akarudisha swichi kuu. Mabomba ya ukutani yanayopitisha waya yalikuwa yamebana; waya wa tatu haungepita. Ingebidi upite nje, juu ya plasta, orofa baada ya orofa, kila mtu akiuona.

Aliazima ngazi ya kuegemeza ya Ndambuki, akaanza kupima njia ya waya huo.