Karanga Nilizomshauri Mama wa Ruangwa

Miaka ile ya hamsini nilikuwa dresa katika hospitali ndogo ya Nachingwea. Kazi yangu ilikuwa kufunga vidonda, kupima uzito na kuandika daftari. Daktari wa upasuaji alitujia mara moja kwa mwezi, akakaa siku mbili, akaondoka.

Mama mmoja wa Kihindu, mwenye duka Ruangwa pamoja na mumewe, aliletwa kwa lori akiwa na ngiri ya kitovu. Alikuwa mnene. Daktari aliibonyeza ngiri ikarudi ndani, akasema: "Siku moja haitarudi, na hapo ni hatari. Lakini kwa mafuta haya nikikushona, mshono utafumuka. Ukifika ratili mia na sabini nitakupasua." Siku ile mizani ilisoma mia na tisini na mbili.

Alirudi mwezi uliofuata amepungua ratili tisa. Nilifurahi, kisha nikamwona akishindwa kuinuka kwenye benchi bila kushikwa. Alikuwa akinywa uji mwepesi na supu ya mchicha tu. Dengu na choroko ameziacha, kwa kuwa jirani alimwambia zinajaza tumbo.

"Huyu amepunguza nyama ya mwili, siyo mafuta," daktari alisema. "Kidonda hakitapona. Mama, kula mayai, kula samaki."

"Tangu nizaliwe Lindi hakijapita kinywani mwangu kitu chenye uhai," alijibu. "Nikifa na ngiri yangu, nitakufa msafi."

Daktari akanigeukia. "Mtafutie chakula cha kujenga mwili, kisichonenepesha."

Ukutani tulikuwa na chati ya vyakula. Kwenye safu ya kujenga mwili ilichorwa nyama, samaki, yai, maharage na karanga. Nachingwea ya wakati ule ilikuwa karanga tupu: mashamba, matrekta, magunia. Sikufikiri mara mbili.

"Mama, karanga ndiyo nyama yenu," nikamwambia. "Kula viganja viwili asubuhi, viwili mchana, viwili jioni. Na korosho ukipenda."

"Kweli bwana dresa? Kitu kitamu hivyo ndiyo dawa?"

"Kweli."

Mwezi wa pili mizani ilisoma mia na themanini na tisa. Amepanda ratili sita. Alishuka kwenye mizani akaupandisha tena mguu, kama mtu asiyeamini. Daktari alifunga faili. Mumewe akamwambia mbele ya watu, "Unakula kwa siri!" Yeye akajifunika uso kwa sari, akalia bila sauti. Nilikuwepo, na daftari mkononi. Nikaandika uzito.

Wiki ile nilitumwa Ruangwa kuchanja watoto, nikapita kwenye kinu cha kukamulia mafuta. Mwenye kinu alipima karanga zilizomenywa, akazikamua, na pembeni akaweka makapi, yale mashudu. Nilimwuliza mafuta ni kiasi gani. "Karibu nusu," akasema. "Usione ni punje, hayo ni mafuta yaliyovaa ganda." Karanga inajenga mwili kweli, lakini nilikuwa nimempa mgonjwa wangu mafuta, viganja sita kwa siku.

Nilikwenda moja kwa moja dukani kwao. Sikusema nimekosea. Nilisema tu "tumebadilisha." Tulipima pamoja kikombe cha chai cha choroko, dengu au mbaazi kavu, kwa siku nzima, zichemshwe nzito. Majani ya kunde na matango ale atakavyo. Chapati moja kavu mchana, wali kidogo jioni, maana nafaka na jamii ya kunde husaidiana. Karanga aache.

"Na samli?" akauliza. Kwao dali, ule mchuzi mzito wa dengu au choroko, humalizwa kwa bizari iliyokaangwa katika samli, tena haipimwi.

"Kijiko kimoja cha chai."

"Kwa sufuria?"

"Kwa siku."

"Dali bila samli ni adhabu ya jela," akasema, lakini alikitafuta kijiko.

Alipungua polepole, ratili nne, kisha tano. Miguu ikapata nguvu. Lakini kati ya miezi hiyo ngiri ilikwama mara mbili, na mara ya pili ilirudi baada ya saa nyingi za kutapika.

Kwenye mwezi wa sita alifika mia na sabini, akapasuliwa. Siku ya kutoa nyuzi nilizitoa mimi. Mshono ulikuwa umeshika vizuri.

"Bwana dresa," akasema akitazama dari, "karanga zile zilikuwa za daktari au zako?"

"Zangu, mama."

Nikatoa uzi wa mwisho.

"Basi mume wangu alinitukana kwa kosa lako," akasema. "Nenda kamwambie. Yuko nje."

Nikanawa mikono, nikatoka nje.